Fuata Mshale kwa Kalamu: Maswali ya Chati Mtiririko Katika Usaili

Kwenye karatasi ya usaili wa mchujo, swali la chati mtiririko hutisha kwa sura tu. Visanduku vimejaa, mishale inapanda na kushuka, na chini kuna majibu manne yanayokaribiana. Hesabu iliyomo ndani, hata hivyo, ni ya darasa la nne: kujumlisha, kutoa, kulinganisha namba mbili. Mwaka niliofanya usaili wangu wa kwanza nilikosa swali la namna hii nikiwa najua kila kitu kilichomo. Kosa langu lilikuwa kubeba namba kichwani badala ya kuziandika, na tangu hapo kila ninayemwandaa kwa usaili namwanzishia hapo.

Maumbo hayana mengi. Kiwango cha kimataifa cha alama hizi, ISO 5807, kilitolewa mwaka 1985, na karatasi nyingi hufuata alama zilezile. Umbo refu lenye ncha za mviringo ni mwanzo au mwisho. Msambamba, yaani kisanduku kilicholala upande, ni mahali namba inapoingia au jibu linapotoka. Mstatili ni kazi ya kufanya. Almasi ni swali, na ndiyo yenye milango miwili, NDIYO na HAPANA. Angalia maneno hayo yameandikwa kwenye mshale upi kabla ya kufuata, kwa sababu hakuna sheria kwamba NDIYO iko chini na HAPANA iko kulia. Mtunzi anaweza kuigeuza, na mtu aliyezoea picha moja atatoka mlango usio wake.

Ndani ya mstatili utakuta maandishi kama `J = J + K`. Kihesabu hili lingekuwa jambo la ajabu, lakini hapa alama ya `=` ni amri: kokotoa upande wa kulia kwa thamani zilizopo sasa, kisha weka jibu ndani ya jina la kushoto. Thamani ya zamani inafutika papo hapo. Hapo ndipo wengi huteleza pale visanduku viwili vinapofuatana. Tuseme `A` ni 5 na `B` ni 2, kisanduku cha kwanza ni `A = A + B` na cha pili ni `B = A - B`. Baada ya cha kwanza, `A` ni 7. Kwa hiyo cha pili kinatoa 7 kasoro 2, na `B` inakuwa 5. Anayetumia `A` ya zamani hupata 3, na mtunzi makini hakosi kuiweka 3 miongoni mwa majibu.

Sasa tuchukue chati nzima. Mwanzo, msambamba unasoma `N`, mstatili mmoja unaweka `J = 0` na `K = 1`. Inafuata almasi ya kwanza: `K <= N`? HAPANA inakwenda kwenye msambamba wa kuandika `J`, kisha mwisho. NDIYO inashuka kwenye almasi ya pili: je, `K` inagawanyika kwa 3 bila baki? Ikiwa NDIYO, fanya `J = J + K`. Ikiwa HAPANA, fanya `J = J + 1`. Njia zote mbili zinakutana kwenye `K = K + 2`, na kutoka hapo mshale unarudi kwenye almasi ya kwanza. Hicho ndicho kitanzi. Swali linasema: `N` ikiwa 10, nini kitaandikwa?

Chora jedwali kwenye karatasi ya rafu. Kila jina lipate safu yake ya wima, na kila mzunguko upate mstari wake. Usifute chochote, thamani mpya iandike chini ya ile ya zamani.

```
K    K<=10?   kwa 3?   J
1    NDIYO    HAPANA   1
3    NDIYO    NDIYO    4
5    NDIYO    HAPANA   5
7    NDIYO    HAPANA   6
9    NDIYO    NDIYO    15
11   HAPANA   -        15
```

Jibu ni 15. Tazama mstari wa mwisho, kwa sababu watu wengi hawauandiki. `K` haikomei 9. Inaongezwa hadi 11, inarudi kwenye almasi, inakataliwa, ndipo chati inatoka. Kama msambamba wa mwisho ungeandika `K` badala ya `J`, jibu lingekuwa 11, na aliyesimama kwenye 9 angekosa akiamini amefuatilia vizuri.

Ukingo wa almasi unahitaji jicho lilelile. Badilisha `K <= N` iwe `K < N`. Kwa `N` ya 10 hakuna kinachobadilika, maana `K` huruka kutoka 9 hadi 11 na haifiki 10 kamwe. Lakini weka `N` iwe 9. Kwa `<=`, 9 inaingia na jibu ni 15. Kwa `<`, 9 inazuiwa mlangoni na jibu linabaki 6. Kialama kimoja kimekula 9 nzima. Ndiyo maana namba inayolingana kabisa na ukingo ndiyo ya kupimia almasi: iweke, uone inapita au inazuiwa.

Jambo jingine la kuchunguza ni mahali hasa mshale wa kurudi unapogusa. Ukigusa juu ya mstatili wa `J = 0` na `K = 1`, kila mzunguko unaanza upya. Kwa `N` ya 10, `K` itakuwa 1, kisha 3, kisha 1 tena, na chati haitaisha. Jedwali linakuonyesha hilo mapema: ukiona mstari unaojirudia na thamani zote zilezile, wala hakuna ingizo jipya linalosomwa njiani, acha kuhesabu. Tafuta kama miongoni mwa majibu kuna linalosema kitanzi hakina mwisho.

Vipi `N` ikiwa 30? Mizunguko ni 15, na muda wa usaili hauruhusu kuiandika yote. Fanya mizunguko michache kwa mkono, kisha tafuta mpangilio. Hapa `K` hupita namba witiri tatutatu: 1, 3, 5, halafu 7, 9, 11, halafu 13, 15, 17. Katika kila kundi, namba ya katikati ndiyo inayogawanyika kwa 3, na zile mbili za pembeni zinaongeza 1 kila moja. Kundi la kwanza linaongeza 5, la pili 11, la tatu 17, la nne 23, la tano 29. Jumla ni 85, na kundi la tano linaishia `K` ya 29, kwa hiyo hakuna namba iliyobaki nje. Usiamini mpangilio kabla ya kuulinganisha na jedwali: baada ya 9 `J` ilikuwa 15, na 11 ingeifanya 16, ambayo ni 5 jumlisha 11.

Wakati mwingine swali hugeuzwa: chati imeandika 6, `N` ilikuwa ngapi? Usirudi nyuma kwenye mishale, kwa sababu almasi haikumbuki mtu alitoka mlango upi. Shika majibu uliyopewa na uyapitishe kwenye jedwali moja baada ya jingine. Kwenye jedwali letu `J` inakuwa 6 `K` ikiwa 7, na inakaa hivyo hadi 9 iruhusiwe kuingia. Kwa hiyo 7 inatoa 6, na 8 pia inatoa 6. Ukikuta zote mbili kati ya majibu, rudi usome swali tena. Huenda linataka `N` iliyo ndogo kuliko zote, au limesema mahali fulani kwamba `N` ni shufwa.