Shilingi 13,500 Zimeenda Wapi? Koma, Nukta na Stetimenti Iliyoskaniwa

Tuseme wewe ndiwe mweka hazina wa chama cha wakulima hapa Tongaren. Mkutano ni Jumamosi. Umeenda Kitale, saiba wamekuskania stetimenti ya chama, na usiku umekaa na laptopu unaingiza tarakimu moja moja kwenye lahajedwali, yaani Excel au Google Sheets. Ukimaliza, salio lako linasema 65,287.50. Stetimenti inasema 78,787.50. Tofauti ni 13,500 kamili, bila hata senti. Sasa hebu fikiria mtu akiuliza swali hilo mbele ya wanachama.

Hakuna pesa iliyopotea. Kuna koma moja na nukta moja ambazo hazikusomwa vizuri. Tumetunga mfano huu kwa ajili ya somo, lakini makosa yenyewe ni yale yale yanayowapata watu kila siku.

Hivi ndivyo stetimenti ilivyochapishwa:

```
                   Ndani       Nje        Salio
Salio la mwanzo                           48,350.00
Mauzo ya mahindi   36,000.00              84,350.00
Mbolea                         12,500.00  71,850.00
Ada ya benki                   262.50     71,587.50
Michango           7,200.00               78,787.50
```

Kenya tunaandika koma kutenga maelfu na nukta kutenga senti. Kwa macho, koma ni nukta yenye kamkia tu. Karatasi ikishatolewa kopi, halafu ikaskaniwa, kale kamkia ndiko kanakoisha kwanza. Kwa hivyo 12,500.00 ya mbolea ilionekana 12.500.00. Wewe, kwa kutaka kuokoa muda, uliamua kuacha zile sufuri mbili za senti, ukaandika 12.500. Lahajedwali haikulalamika. Iliona nukta, ikajua ni desimali, ikaweka 12.5. Mbolea ya shilingi elfu kumi na mbili na mia tano imekuwa ya shilingi kumi na mbili na senti hamsini!

Kwenye ada ya benki ilikuwa kinyume. Nukta ilififia kabisa, 262.50 ikaonekana kama 262 50, nawe ukaandika 26250. Kosa la kwanza limepunguza matumizi, la pili limeyaongeza, na yakikutana yanabaki 13,500. Hiyo ndiyo hatari ya kuangalia jumla ya mwisho peke yake: makosa mawili yanaweza kufichana na kuzaa namba safi inayofanana kabisa na pesa iliyochukuliwa na mtu.

Dawa ni kukagua kila mstari peke yake, na stetimenti yenyewe inakupa nafasi hiyo kwa sababu salio limechapishwa kila baada ya muamala. Usiishie kuingiza pesa za ndani na za nje. Ingiza na safu ya salio jinsi ilivyo kwenye karatasi. Tuseme C ni pesa za ndani, D ni za nje, E ni salio, na salio la mwanzo liko E2. Kwenye F3 andika fomula hii, kisha uivute hadi chini:

```
=ROUND(E2+C3-D3-E3,2)
```

Inachukua salio la mstari wa juu, inaongeza kilichoingia, inatoa kilichotoka, halafu inalinganisha na salio lililochapishwa. Mstari ukiwa sawa, utaona 0. Kwa kuwa kila mstari unaanzia kwenye salio la karatasi, kosa la mbolea haliendi kuchafua mstari wa michango. (Kama stetimenti yako inaandika pesa zilizotoka na alama ya kutoa mbele, basi kwenye fomula weka +D3 badala ya -D3.)

Katika mfano wetu, mstari wa mahindi na wa michango utatoa 0. Wa mbolea utatoa 12,487.50, na wa ada utatoa -25,987.50. Sasa unajua pa kuangalia, na unaweza kujua hata aina ya kosa. Koma ikigeuka nukta, namba hugawanywa kwa 1,000, kwa hiyo tofauti hugawanyika kwa 999. Gawa 12,487.50 kwa 999, unapata 12.5, ile ile uliyoandika. Nukta ya senti ikipotea, namba huongezeka mara 100, kwa hiyo unagawa kwa 99: 25,987.50 kwa 99 ni 262.50, ile ile iliyo kwenye karatasi. Ukigawa ukapata namba ambayo haipo popote kwenye mstari huo, basi shida si koma wala nukta. Pengine umesoma 3 ukadhani ni 8.

Na kama kosa liko kwenye salio lenyewe? Litajionyesha lenyewe. Ukiandika 71.850 badala ya 71,850 kwenye salio la mbolea, mstari huo utakuonyesha 71,778.15 na unaofuata -71,778.15. Namba moja, mistari miwili inayofuatana, alama tofauti: rekebisha safu ya salio, usiguse muamala.

Kuna kosa lingine ambalo angalau halijifichi sana. Ungeandika 12.500.00 jinsi ulivyoiona, na nukta zake mbili, lahajedwali ingeichukua kama maneno, si namba. Utaitambua kwa sababu inaegemea kushoto mwa seli wakati namba zinaegemea kulia. Fomula yetu ya F ingetoa #VALUE!, na hapo ungeshtuka. Lakini SUM hairushi kosa lolote, inairuka tu seli hiyo kimyakimya na kukupa jumla pungufu. Ukiwa na shaka, andika =ISNUMBER(D4) kwenye seli tupu. Ikijibu FALSE, ifute uandike upya.

Kuna wakati karatasi na macho yako viko sawa, na mwenye shida ni mpangilio wa kompyuta. Nchi zilizofuata mtindo wa Kifaransa, kama jirani zetu wa Kongo na Burundi, hutumia koma kutenga desimali. Wajerumani pia wanaandika 1.250.000,50 pale sisi tungeandika 1,250,000.50. Kama lahajedwali yako imepangwa kwa Ufaransa au Ujerumani, labda kwa sababu ulitumiwa faili na mtu wa huko, ukiandika 12,500 sahihi kabisa itaisoma kama 12.5. Kwenye Google Sheets fungua File, kisha Settings, uangalie Locale. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuingiza, kwa sababu ukibadilisha baadaye, namba iliyoshakuwa 12.5 itabaki 12.5.

Njia rahisi tunayopendelea sisi wakati wa kuingiza ni kuacha koma zote. Andika 12500, andika 262.5, halafu iachie lahajedwali iweke koma za maelfu yenyewe kwenye mpangilio wa namba. Kabla ya kubonyeza Enter, hesabu tarakimu zilizo baada ya alama ya mwisho kwenye karatasi. Zikiwa tatu kwenye stetimenti ya shilingi, hiyo ni koma ya maelfu hata kama inaonekana nukta, maana senti hazijawahi kuwa na tarakimu tatu.