Kadi ngapi zinatosha? Somo la kadi za kanban katika karakana ya unga wa fufu



Tuangalie karakana moja ya unga wa mihogo. Upande mmja kuko mashini ya kusaga. Upande mwingine kuko meza ya kufunga unga katika mifuko midogo. Mwenye mashini anasaga kwa sababu mashini imewaka na mihogo mikavu ipo. Hajui mezani wamebakiwa na unga kiasi gani. Siku moja wafungaji wanakaa mikono mitupu, wanangoja. Siku nyingine depo imejaa, na unga wa chini unaanza kuvuta unyevu. Unga uliolala depo ni mihogo, mazutu na nguvu za watu ambazo hazijarudi kuwa pesa. Na huku kwetu tunajua jambo lingine: siku ya kukimbia, hakuna anayebeba depo kichwani.

Kadi ya kanban njo dawa ya shida hiyo. Neno hili ni la Kijapani, maana yake ni ubao wa kutoa habari, sawa vile kibao cha duka. Kampuni ya magari ya Toyota njo iliyoeneza kazi hii viwandani. Injinia wao Taiichi Ohno alifikiria namna duka kubwa linavyofanya kazi: mteja anachukua anachohitaji, kisha mwenye duka anarudisha kile tu kilichotoka. Mwaka 1953 walikuwa wanafuata mpango huo katika karakana yao ya mashini. Kadi ilikuwa ndiyo ruhusa ya kutengeneza. Bila kadi, hakuna kutengeneza.

Kadi inatembea namna gani

Katika karakana yetu ya mfano, unga unabebwa katika beseni la kilo 20. Kila beseni lililojaa lina kadi moja, na kadi inaandikwa: unga wa fufu, kilo 20, kutoka mashini kwenda meza.

Mfungaji anapoanza kuchota katika beseni jipya, anatoa kadi yake palepale na kuitia katika kisanduku kilichotundikwa ukutani. Asingoje beseni liishe. Kadi iliyo kisandukuni inamwambia mwenye mashini: beseni moja limefunguliwa, saga lingine. Kadi inapelekwa kwenye mashini, beseni linajazwa, kadi inafungwa juu yake tena, na vyote viwili vinarudi mezani.

Kwa hiyo idadi ya kadi njo mpaka wa mali yote iliyo kati ya mashini na meza. Kama kuko kadi 9, hakuwezi kuwa na mabeseni yaliyojaa zaidi ya 9, hata mwenye mashini akiwa na bidii namna gani. Swali linalobaki: kwa nini 9, si 5 wala 20?

Kwanza pimeni, kisha mhesabu

Mnahitaji kujua mambo matatu tu. La kwanza, meza inatumia unga kiasi gani kwa saa. La pili, kadi inachukua muda gani kutoka kisandukuni mpaka irudi mezani na beseni lililojaa. La tatu, beseni linabeba kilo ngapi.

Tuseme meza inafunga kilo 480 kwa siku ya saa 8. Hiyo ni kilo 60 kwa saa, maana yake mabeseni 3, au beseni moja kila dakika 20.

Muda wa kadi njo unaodanganya watu wengi. Wanapima muda wa kusaga peke yake, wanasema ni dakika 10 kwa beseni. Lakini kadi haikuanza safari kwenye mashini, na haiishii pale. Tuifuate tangu mwanzo.

Kuwasha mota kwa ajili ya beseni moja ni kuchoma mazutu bure, kwa hiyo mwenye mashini anangoja kadi 3 zikusanyike. Kadi ya kwanza inangojea wenzake wawili kwa dakika 40. Kupeleka kadi na kuwasha mota ni dakika 20. Kusaga mabeseni 3 ni dakika 30. Kuchekecha na kuacha unga upoe ni dakika 50. Kubeba mpaka mezani ni dakika 10. Jumla ni dakika 150, yaani saa 2 na nusu.

Msikate ule muda wa kupoza ili hesabu ipungue. Unga unaotoka mashini uko na joto. Ukifungwa hivyo katika plastiki, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko, na ukungu unafuata.

Sasa hesabu: kilo 60 kwa saa, mara saa 2 na nusu, ni kilo 150. Hizo njo kilo ambazo meza itatumia wakati kadi iko safarini. Tukigawa kwa kilo 20, tunapata 7 na nusu. Kadi haikatwi nusu, kwa hiyo ni 8, siku zote tunapandisha.

Lakini 8 ni kwa siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa. Kuko siku mota inagoma kuwaka, kuko siku mvua inachelewesha wabebaji. Ndiyo maana tunaongeza akiba, na akiba hiyo isitoke kichwani. Andikeni muda wa kadi kwa wiki moja. Tuseme mara nyingi ni saa 2 na nusu, na mara mbaya kabisa ilikuwa saa 3. Basi tumieni saa 3:

Kadi = kilo kwa saa × saa za mzunguko mbaya ÷ kilo za beseni

Kadi = 60 × 3 ÷ 20 = 9

Vitabu vya viwanda vinaandika akiba kwa asilimia. Kutoka saa 2 na nusu kufika saa 3 ni kuongeza asilimia 20, kwa hiyo jibu ni lilelile. Faida ya kutumia muda mliopima wenyewe ni kwamba mnajua akiba yenu inalinda kitu gani: kuchelewa kwa nusu saa, si zaidi. Kama siku moja mota ikifa kwa saa 5, kadi 9 hazitaokoa meza, na msijaribu kuzifanya ziokoe. Dawa ya hiyo ni kutunza mota na kuwa na vipuri karibu.

Kungoja kunazaa kadi

Tuseme mwenye mashini anaomba angoje kadi 6 badala ya 3, apunguze kuwasha mota. Kadi ya kwanza sasa itangoja wenzake watano, dakika 100. Kusaga mabeseni 6 ni dakika 60. Kazi nyingine tuseme zinabaki vilevile: 20, 50 na 10. Jumla ni dakika 240, saa 4. Tukiongeza ile nusu saa ya akiba, ni saa 4 na nusu. Kilo 60 mara 4 na nusu ni kilo 270, tukigawa kwa 20 ni 13 na nusu, yaani kadi 14.

Meza haikuongeza hata kilo moja ya kazi, lakini karakana inahitaji mabeseni 5 zaidi, kilo 100 za unga zaidi. Labda mazutu mtakayookoa yana thamani kuliko hizo kilo 100, labda hapana. Sasa kamati iko na namba mbili za kulinganisha, badala ya kugombana. Na mkitaka kupunguza kadi, mahali pa kuangalia kwanza ni ule muda wa kungoja.

Mnajua namna gani kama idadi ni sawa

Hesabu ni ya kuanzia tu. Kila mara mabeseni mapya yanapofika mezani, mfungaji ahesabu mabeseni yaliyojaa ambayo hajayagusa bado, aandike. Kwa kadi 9, siku nzuri atakuta limebaki 1. Siku ya kuchelewa atakuta 0, lakini atakuwa angali anachota katika lile alilofungua mwisho. Hiyo ni sawa.

Kama kwa wiki mbili anakuta 2 au 3 kila mara, hata siku mbaya, ondoeni kadi moja na beseni lake, muangalie tena wiki nyingine. Kama wafungaji wanasimama bila unga, rudisheni kadi moja, lakini pia mtafute sababu. Mara nyingi kadi hazipungui, zinakwama: mfungaji aliitia mfukoni, au alingoja beseni liishe kabla ya kuitoa. Andikeni kila kadi namba yake, 1 mpaka 9, na muzihesabu kila jioni. Kadi moja ikipotea, beseni moja limetoka kazini bila mtu kujua.

Kuelekea siku ya soko, meza ikifunga unga mwingi zaidi, msiharibu hesabu ya siku zote. Tengenezeni kadi za rangi nyingine zenye tarehe ya mwisho. Soko likipita, ile kadi ikirudi kisandukuni inaondolewa.

Mahali kadi haifai

Kadi inaita kitu kinachoweza kuitika. Haiwezi kuita jua. Mihogo inayoanikwa inafuata hali ya hewa, kwa hiyo kabla ya mashini mtahitaji akiba kubwa ya mihogo mikavu, na kadi zianzie baada ya akiba hiyo. Ndugu zetu wa Masisi wanaotengeneza jibini wanajua jambo hili vizuri: ng'ombe hukamwa kila siku, na kadi haiwezi kumwambia angoje. Kwao kadi zinaweza kusimamia chumvi na dawa ya kugandisha, si maziwa. Na mazutu yanayopita barabara ambayo inaweza kufungwa bila kutangaza, muda wake haupimwi kwa wiki moja. Kwa kitu cha namna hiyo wekeni akiba ya depo kwa uamuzi wa kamati, mbali na hesabu ya kadi.

Zoezi la kufanya pamoja

Karakana ya mafuta ya mawese huko Walikale inajaza chupa kwa litre 50 kwa saa. Mafuta yanafika mezani katika bidoni za litre 20. Kadi kwa kawaida inarudi kwa saa 2, na mara mbaya kabisa ilikuwa saa 3. Kadi ngapi?

Jibu: 50 × 3 ÷ 20 ni 7 na nusu, tunapandisha, kadi 8. Bila akiba ingekuwa 50 × 2 ÷ 20, yaani kadi 5. Sasa wekeni namba za karakana yenu wenyewe, mlizopima kwa saa mkononi.