Klorini kwenye tenki na kisima: kwa nini maji ya tope yanataka dawa zaidi

Masika yakianza huku Mgeta huwa napata swali moja kutoka kwa watu tofauti: "Bwana shamba, nimeweka klorini kipimo kilekile cha kiangazi, mbona haionekani kufanya kazi?" Leo tulijibu vizuri.

Kwanza tuelewe yanakotoka maji yetu. Wengi tunatega mabomba kwenye vijito vya milimani, maji yanashuka yenyewe hadi kwenye simtanki. Kiangazi yanakuja meupe. Mvua ikipiga kwenye mashamba ya kabichi na karoti yaliyo kwenye miteremko, kijito kinabeba udongo, majani yaliyooza na mavi ya mbuzi. Yote hayo yanaingia kwenye tenki lako.

Sasa, klorini haichagui. Ikiingia kwenye maji inapambana na kila kitu kinachooza, siyo vijidudu tu. Uchafu ukiwa mwingi, dawa inaisha kabla haijafika kwa vijidudu. Halafu kuna jambo la pili: vijidudu vinajificha ndani ya chembe za tope, dawa inabaki nje. Ndiyo maana kipimo kilichotosha Agosti hakitoshi Aprili.

Kwa hiyo swali si "niweke kiasi gani" tu. Swali la maana ni "imebaki kiasi gani baada ya nusu saa?" Kwa maji ya kunywa tunataka ibaki kama miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Hiyo iliyobaki ndiyo ushahidi kwamba uchafu umeshiba na dawa imebakia ya kulinda maji.

Punguza tope kwanza

Usikimbilie kuongeza dawa. Jaza tenki, funga koki ya kuingizia, acha maji yatulie usiku kucha. Asubuhi fungulia koki ya chini, mwaga tope lililozama. Kama maji ni ya ndoo, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Kama ukiweka glasi ya maji hayo juu ya maandishi huoni herufi chini yake, bado hayajawa tayari kwa klorini.

Jaribio la ndoo nne

Tuseme una simtanki la lita 2,000 na umepata klorini ya unga, ile HTH ya asilimia 65 hadi 70. Pima gramu 15 kwa mizani ndogo ya mbegu, changanya kwenye lita moja ya maji safi ndani ya chombo cha plastiki. Chuma hapana, kinaliwa. Acha mashapo yazame, tumia maji ya juu. Hapo una dawa ya asilimia 1.

Chukua ndoo nne za lita 20, zijaze maji ya tenki lako lilelile. Kwa bomba la sindano jipya, siyo lile la kuchomea mbuzi, weka mililita 2 ndoo ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya tatu, 8 ya nne. Koroga, funika, subiri nusu saa. Kisha pima kila ndoo kwa vidonge vya DPD namba 1, vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Rangi ikikolea, klorini iliyobaki ni nyingi. Kipimo hicho muulizie afisa afya wa kata au fundi wa RUWASA.

Tuseme umepata hivi: ndoo ya kwanza haina rangi kabisa, ya pili rangi ni hafifu sana, ya tatu inasoma 0.5, ya nne imezidi. Basi ndoo ya tatu ndiyo jibu lako. Tenki la lita 2,000 ni ndoo 100, hivyo 6 mara 100 ni mililita 600 za dawa yako. Kiangazi, maji yakiwa meupe, huenda mililita 2 kwa ndoo zikatosha, yaani 200 tu kwa tenki zima. Umeona tofauti? Ni mara tatu, na tenki ni lilelile.

Usitegemee pua. Klorini ikikutana na mkojo na samadi inatoa harufu kali, lakini ile iliyoshikana na uchafu nguvu yake ni ndogo sana. Kidonge cha DPD namba 1 ndicho kinapima iliyo huru.

Usipopata kipimo, tumia dawa ya maji ya chupa au vidonge vya dukani na ufuate lebo. Nyingi zinaelekeza kuongeza dozi mara mbili maji yakiwa na tope.

Muda

Nusu saa ndiyo kima cha chini. Maji yakiwa baridi dawa inafanya kazi polepole, na baridi ya Mgeta mnaijua. Mimi nashauri saa nzima kabla ya kunywa.

Kusafisha tenki au kisima chenyewe

Hii ni kazi nyingine, msichanganye. Tenki likiwa na utelezi ndani, mwaga maji yote, sugua, suuza. Jaza robo, weka gramu 80 za HTH kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tenki, kisha jaza mpaka juu na uache saa 24. Kwa tenki letu ni gramu 160. Maji hayo hayanywewi na watu wala mbuzi. Usiyamwage kijitoni wala kwenye kitalu.

Kisima nacho, toa maji na tope lililo chini, acha kijae tena, kisha weka mililita 200 za dawa yetu ya asilimia 1 kwa kila lita 100. Kisima chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina takriban lita 1,600, kwa hiyo ni lita 3.2 za dawa. Kilaze usiku kucha, kisha vuta maji mpaka harufu iishe. Ila jueni, kisima kisichofunikwa kitachafuka tena. Dawa hiyo inasafisha mara moja, hailindi mwezi mzima.

Mipaka yake

Klorini haiondoi sumu za kunyunyizia mboga. Ukiosha bomba la dawa juu ya kijito, hakuna dozi itakayosaidia aliye chini yako. Pia kuna kimelea kriptosporidiamu, kinachotoka kwenye mavi ya ndama na vitoto vya mbuzi, ambacho klorini ya kawaida haikiui. Maji ya mtoto mdogo au mgonjwa yachemsheni.

Mwisho, unga wa HTH uhifadhi pakavu, mbali na watoto, na usiuchanganye na sabuni ya choo wala mbolea. Siku zote tia unga kwenye maji, siyo maji kwenye unga.

Mvua kubwa ikinyesha tena, rudia ndoo nne. Maji ya leo si ya jana.