Mkalimani Anavyofungua Mkutano wa Lugha Mbili: Salamu na Kujitolea Kusaidia

Swali la kutunga mazungumzo linaweza kukutaka uandike yanayosemwa kwenye mkutano ambao pande mbili hazielewani kwa lugha. Watahiniwa wengi hukimbilia katikati ya mazungumzo, mkalimani akiwa tayari anatafsiri, wala haijulikani ametoka wapi wala nani amemruhusu. Hapo alama hupotea, na katika maisha halisi hapo ndipo mkutano huharibika. Somo hili linashughulikia dakika tano za mwanzo tu.

Chukua mfano wa pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Wanunuzi wawili wanaozungumza Kiingereza wamekuja kuzungumza bei ya kilo moja ya mwani mkavu. Wenyeji ni wakulima kumi na watano pamoja na sheha wa shehia yao. Msaidizi ni kijana aliyemaliza skuli hapo kijijini na anazijua lugha zote mbili. Tumwite Mkalimani.

Kazi yake inaanza kabla ya salamu, kwenye kupanga saa. Sheha amesema mkutano ni saa kumi. Mgeni akitafsiriwa "kumi" kama ilivyo, atafika saa nne asubuhi, kwa kuwa ndiyo kumi ya simu yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hukupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi. Wakulima wote watakuwa baharini wakifunga mwani, na mgeni atakuta viti vitupu na kudhani amedharauliwa. Mkalimani anayejua kazi anasema kwa Kiingereza saa nne ya alasiri, tena anataja kwamba ni baada ya sala ya alasiri, maji yakiwa yamejaa. Kanuni ni kuongeza au kupunguza sita.

Jambo la pili ni mahali pa kukaa. Ikiwa Mkalimani ameshuka kwenye gari la wanunuzi na kuketi ubavuni mwao, wakulima watamhesabu kuwa mtu wao, na suala la bei watalinyamazia. Basi afike mapema kwa miguu yake, akae pembeni baina ya pande mbili, wote wamwone. Pia awaambie wageni wanaume, faraghani, wasiwanyooshee wanawake mkono. Waweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, kisha wasubiri. Mwenyeji akinyoosha wake, wapokee.

Sasa mkutano wenyewe. Anayefungua ni Sheha, si Mkalimani. Soma mfano huu:

SHEHA: Assalamu alaykum.
WAKULIMA: Waalaykumu salaam.
SHEHA: Karibuni nyote. Wageni wetu ndio hawa. Kijana, tusaidie.
MKALIMANI: Ahsante, Sheha. Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu.
WAKULIMA: Marahaba. Hujambo?
MKALIMANI: Sijambo. Naomba ruhusa niwasalimu na wageni, kisha nitasema neno moja kwa lugha zote mbili.
SHEHA: Ruhusa unayo.
MKALIMANI (kwa Kiingereza): Habari za alasiri. Sheha, ambaye ndiye kiongozi wa shehia hii, amewakaribisha. Mimi nimewaamkia wazee kwa salamu ambayo mdogo humpa mkubwa, nao wameipokea. Nimeomba ruhusa ya kuwasalimu nyinyi, na Sheha ameitoa.
MGENI (kwa Kiingereza): Tunashukuru sana kupokewa.
MKALIMANI: Wageni wanasema wanashukuru sana kupokewa. Wazee wangu, mimi ni kijana wa hapa, nazungumza Kiswahili na Kiingereza. Kwa idhini yenu nitasaidia pande zote mbili. Kila litakalosemwa nitalitafsiri lote, sitaongeza wala sitapunguza. Mtu akisema "mimi", nami nitasema "mimi", lakini maneno ni yake. Naomba mseme kwa vipande vifupi, kisha mnipe nafasi. Nisipofahamu nitauliza. Pengine humu wamo wanaojua lugha zote mbili, nikikosea wanisahihishe. Je, mmeridhia?
BI MKUBWA: Tumeridhia. Ila hayo ya bei usije ukayalainisha.
MKALIMANI: Sitayalainisha, Bi.
(Anawaeleza wageni yote hayo kwa Kiingereza, pamoja na maneno ya Bi Mkubwa, na kuuliza kama nao wameridhia. Wanakubali.)

Tazama yaliyofanyika. Mkalimani ameanza na upande wa wenyeji kwa sababu Sheha ndiye aliyefungua na nyumba ni yao. Ametoa salamu ya kuingilia barazani, ambayo ni ya wote, kisha shikamoo, ambayo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kiingereza hakina salamu inayobeba heshima hiyo ya umri, kwa hiyo hakuitafutia neno, bali ameeleza inafanya kazi gani. Wageni wangesikia sauti nyingi zikijibu marahaba bila kujua kilichopita, wangeanza kujiuliza wanasemwa nini.

Hakusema "kwa kuwa hamjui Kiingereza". Kauli hiyo inamvunjia mtu mzima heshima mbele ya wenzake, tena mara nyingi si kweli, kwani kwenye kijiji cha watalii hakosekani mama anayekisikia Kiingereza vizuri kuliko anavyoonyesha. Ombi la kusahihishwa linampa mtu huyo nafasi kwa adabu.

Ahadi ya "mimi" ni muhimu zaidi ya inavyoonekana. Mkulima akisema "mimi sikubali bei hii", tafsiri ni hiyo hiyo, kwa nafsi ya kwanza. Bila onyo la mapema, mgeni anaweza kudhani ni Mkalimani asiyekubali. Ukalimani huu wa kungoja msemaji amalize kipande ndipo utafsiri huitwa ukalimani fuatizi.

Maneno ya Bi Mkubwa ndiyo mtihani wa kwanza. Aliyasema kumwelekea Mkalimani, na kijana mwenye haya angeyameza. Yeye ameyatafsiri, kwa kuwa aliahidi kutafsiri yote. Angeyaficha, ahadi ingevunjika kabla bei haijatajwa. Dalili za kuvunjika kwake huonekana upesi: mtu anasema maneno mengi, tafsiri inatoka maneno matatu, au upande mmoja unacheka na mwingine unatazamana.

Si kila mkutano unampata mtu mmoja wa lugha zote mbili. Burton na Speke walipoondoka Unguja mwaka 1857 kwenda bara, Speke alikuwa akizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akawapelekea wengine maneno kwa Kiswahili. Neno likipita vinywa zaidi, ndivyo ombi la kusema kwa vipande vifupi linavyozidi kuhitajika.

Zoezi

1. Mmoja wa wakulima anamnong'oneza Mkalimani: "Hawa wana fedha kweli?" Andika maneno atakayomjibu, bila kumvunjia heshima na bila kuvunja ahadi yake kwa wageni.

2. Tunga ufunguzi wa mkutano baina ya mafundi wa milango ya Mji Mkongwe na wateja wasiojua Kiswahili. Mkalimani ni mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko mafundi wote. Nani atamwamkia nani shikamoo, na wageni wataelezwaje?