Swali lenye Mtego: Jiki au Poda ya Oksijeni?

Swali: Dobi wa nyumba ya wageni Mikumi ana shuka nyeupe za pamba, kitenge chekundu na sweta jeupe la sufu, vyote vikiwa na madoa ya chai. Ana jiki na poda ya oksijeni. Atumie ipi kwa kila nguo? Toa sababu.

Jibu: Shuka zifuliwe kwa jiki. Kemikali yake, sodiamu haipokloraiti (NaClO), huoksidisha rangi ya doa hata katika maji baridi. Pamba huivumilia ikizimuliwa kwa maji. Nguo ikilowekwa usiku kucha, nyuzi hudhoofika na kuchanika wakati wa kukamua.

Kitenge kisiguswe na jiki, kwani itaondoa doa pamoja na rangi ya kitenge. Poda ya oksijeni ikiyeyuka hutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo huoksidisha taratibu, na rangi nyingi huistahimili. Maji yawe ya moto kiasi; katika maji baridi poda huchelewa sana. Ajaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Sweta ndilo linalowapotezea watahiniwa alama. Wengi huandika: "Ni jeupe, basi jiki." Sufu ni protini, na jiki huigeuza manjano kisha huila. Wengine hukimbilia poda, wakisahau kwamba hutoa pia sodiamu kaboneti, yaani magadi. Maji yake hugeuza litmasi nyekundu kuwa bluu, na alkali huharibu sufu. Kwa hiyo dobi asitumie hata moja; afue sweta kwa sabuni ya maji isiyo na alkali.