Dondoo muhimu: Kodi ya nyumba inayobebeka

Kanuni ya kodi kutozidi asilimia 30 ya kipato, ikihesabiwa kwenye mshahara unaofika mkononi, hutoa kikomo cha juu tu. Kaya ya Dar es Salaam yenye kipato cha shilingi 900,000 kwa mwezi ingeruhusiwa kodi ya 270,000. Lakini chakula kikichukua 350,000, nauli 130,000, ada 100,000, umeme, maji na gesi 70,000, na marejesho ya mkopo 80,000, hubaki 170,000. Ikitengwa 20,000 ya dharura, kodi halisi ni 150,000: kiasi kidogo kati ya hicho na kikomo cha 270,000 ndicho kinachofuatwa. Mwenye nyumba akidai miezi sita kwa mkupuo, zitahitajika 900,000, hivyo 150,000 hiyo huwekwa akiba kila mwezi, kabla ya matumizi mengine.