480 au 638: kipimo kipi kitawale?

SWALI: Mhandisi, mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Kianyaga. Chama cha wakulima kimeniletea mchoro wa shafti mpya ya mashine ya kumenya kahawa, kwa kuwa ya zamani ilikatika begani. Mchoro unataja vipande vitano: 95 upande wa puli, 24 kiti cha beringi, 480 katikati ambapo diski zinakaa, 24 kiti cha beringi ya pili, na 17 ncha. Nikijumlisha napata 640, lakini urefu wote ulioandikwa chini ni 638. Karani wa chama anasema nifuate 638 kwa kuwa ndio urefu wa shafti yenyewe, na kama kuna pa kupunguza nipunguze katikati penye chuma kingi. Aliyechora hapokei simu. Kahawa inaanza kuiva na chuma nimeshanunua. Nikikosea, hasara ni yangu. Nifuate kipi?
— Fundi, Kianyaga

JIBU: Fundi, fuata 480, wala usipunguze katikati ili kupata 638. Kwa sasa kereza vipande vyote vitano kama vilivyoandikwa, shafti itoke na urefu wa 640. Zile milimita mbili zitabaki kwenye ncha hadi aliyechora ajibu. Nitakueleza sababu, maana mchoro wa namna hii utakujia tena ukiwa na tarakimu nyingine.

Kwanza tuiangalie kazi ya shafti. Kwenye mashine ya diski, buni mbivu hushuka pamoja na maji, diski inayozunguka huzivuta kwa vinundu vyake, na hubanwa kati ya uso wa diski na ubao wa chuma uliosimama kila upande wake. Ganda huenda na diski, mbegu hubaki upande wa pili. Mwanya kati ya diski na ubao huo ni wa milimita chache tu, na fundi wa kiwanda huurekebisha kufuatana na ukubwa wa buni za wiki hiyo. Diski imesimama wima juu ya shafti iliyolala, kwa hiyo shafti ikisogea kushoto au kulia, diski husogea nayo na mwanya hubadilika.

Kinachoizuia shafti isisogee ni mabega mawili kwenye miisho ya kile kipande cha 480. Beringi ya kushoto imeegemea bega la kushoto, ya kulia imeegemea bega la kulia, na kwa nje kila beringi inazuiwa na kava iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu. Fremu ni chuma cha kumimina, na umbali kati ya kava zake uliwekwa siku mashine ilipoundwa. Kwa hiyo 480 ndicho kipimo kinachokutana na kitu kingine ambacho wewe huwezi kukibadilisha.

Tuseme umemsikiliza karani ukakereza katikati ikawa 478. Shafti itaingia bila shida, itazunguka vizuri mikononi, na kila mtu atakushukuru. Lakini sasa kuna milimita mbili za uwazi kati ya mabega na beringi, na shafti inaweza kuteleza. Diski ikisogea milimita mbili upande mmoja, mwanya wa upande huo unabana na ule wa pili unapanuka kwa kiasi hicho hicho. Penye kubana utaona mbegu zilizopasuka na kuchunika ngozi yake ngumu. Penye kupanuka utaona buni nzima zinapita bila kumenywa. Fundi wa kiwanda ataanza kurekebisha mbao, kila akirekebisha upande mmoja mwingine unaharibika, na hatajua kwamba kosa liko kwenye shafti. Mbegu iliyopasuka huchacha vibaya kwenye tangi na kushusha daraja la kahawa, hasara inayomfikia mkulima.

Ukikosea kwa kuzidisha ikawa 482, utaona jambo jingine. Ukikaza kava, beringi zitasukumana kutoka pande mbili. Shafti itakuwa nzito kuzungusha kwa mkono, na baada ya muda mfupi wa kazi nyumba za beringi zitapata joto kiasi cha kutoweza kuzishika. Beringi za namna hiyo hazifiki mwisho wa msimu.

Sasa ulinganishe na 638. Urefu wote unakutana na nini? Upande wa kushoto unaishia nje ya puli, hewani. Upande wa kulia unaishia kwenye ncha ya milimita 17 ambayo hukutaja kwamba inabeba kitu. Shafti ikiwa na 638 au 640, hakuna sehemu ya mashine itakayojua. Hii ndiyo kanuni ninayotumia: kati ya vipimo viwili vinavyopingana, kinatawala kile kinachoamua jinsi kifaa kinavyokaa na kifaa kingine. Ukubwa wa tarakimu hauleti mamlaka, wala kuandikwa kwake chini ya mchoro mzima.

Mchoro wako una ushahidi mwingine ambao huenda hukuutilia maanani. Kwenye picha uliyonitumia, 480 imeandikwa pamoja na 0 juu na −0.2 chini. Maana yake inaweza kupungua hadi 479.8, lakini haina ruhusa ya kuzidi hata kidogo. Upande wa kupunguza umeachwa kwa sababu shafti ikipata joto hurefuka: chuma cha urefu huo kikiwa na nyuzi 20 zaidi ya fremu, hurefuka kama milimita 0.1, na lazima kipate pa kwenda. Aliyeandika hivyo alikaa akafikiri juu ya beringi. Kwa upande mwingine, 638 haina ruhusa yoyote iliyoandikwa kando yake, kwa hiyo inaangukia kwenye ule mstari wa chini ya mchoro usemao ISO 2768-m, ambao kwa urefu wa kati ya 400 na 1000 hutoa milimita 0.8 kila upande. Kipimo chenye ruhusa yake kimefikiriwa zaidi kuliko kile kilichoachiwa ruhusa ya jumla.

Kuna jambo ambalo lingekusumbua hata kama hesabu ingekubaliana. Chukua kwamba urefu wote ungeandikwa 640. Kwa ruhusa ya jumla, 95 inaweza kuzidi kwa 0.3, na kila kimoja cha vile vipande vitatu vidogo kinaweza kuzidi kwa 0.2. Ile 480 haiwezi kuzidi. Fundi akizidisha kila mahali kadiri anavyoruhusiwa, vipande vyake vyote viko sawa lakini urefu wote umefika 640.9, nao mwisho wake ni 640.8. Amefuata mchoro na bado mkaguzi angeikataa kazi yake. Ndiyo maana vipande vyote vikishapewa kipimo, urefu wote hauna haki ya kutawala. Kanuni ya uchoraji ni kuuacha, au kuuandika ndani ya mabano. Ukiona kipimo kwenye mabano, ujue ni cha kukusaidia kukata chuma cha kutosha, hakikaguliwi. Aliyechora shafti yako hakuweka mabano, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Hata hivyo, usiniamini kwa maneno pekee, kwa sababu kuna uwezekano mmoja unaonitia wasiwasi. Tofauti ya milimita mbili inaweza kuwa imetokana na mchoro wa zamani ambamo katikati palikuwa 478 na urefu wote 638; kimoja kikabadilishwa, kingine kikasahaulika. Mchoro hauwezi kutuambia ni kipi kilichobadilishwa, lakini fremu inaweza. Nenda kiwandani, toa beringi za zamani, funga kava zote mbili pamoja na gasketi zake, kisha pima kwa ndani umbali kutoka kava moja hadi nyingine, pale ambapo ukingo wa kava hugusa beringi. Mchoro unataja beringi 6208, ambayo upana wake ni milimita 18. Beringi mbili ni 36, ukiongeza 480 unapata 516. Fremu ikikupa 516 na chembe juu yake, 480 imethibitika. Ikikupa 514, simamisha kazi, maana hapo mchoro una kosa kubwa kuliko ulilonieleza.

Katika kupima huko, epuka mitego miwili. Usiweke rula juu ya karatasi ya mchoro, kwa sababu ilichapishwa kutoka picha ya simu na ukubwa wake hauna uhusiano na chochote. Tarakimu iliyoandikwa hushinda mstari uliochorwa. Pia usinakili shafti iliyokatika kana kwamba ni mchoro. Viti vyake vimelika. Ukipata kipenyo cha 39.9 kwenye kiti cha zamani, hicho ni kipimo cha uchakavu. Mchoro wako unasema 40 k6, yaani kati ya 40.002 na 40.018, ili beringi iingie kwa kubana kidogo. Hapo maikromita ndiyo itumike, kalipa haitoshi.

Kuhusu kuacha ncha ikiwa ndefu: chuma kilichobaki kinaweza kuondolewa baadaye, kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Ikija kubainika kwamba kuna kifuniko kinachofunika mwisho wa shafti na kinahitaji 638, utarudisha shafti kwenye mashine na kuipunguza ncha kutoka 17 hadi 15. Ni kazi ya dakika chache. Urefu utakuwa 638 na mabega yatabaki 480. Upande wa puli usiuguse, kwa sababu ile 95 ndiyo inayoipanga puli sambamba na ya mota, na mkanda unaokwenda upande hula kingo zake haraka.

Jambo la mwisho ni la kukulinda wewe. Mimi nimekupa sababu, lakini mchoro si wangu na idhini haitoki kwangu. Mtumie aliyechora ujumbe, nakala kwa katibu wa chama: “Vipande vinafika 640, urefu wote umeandikwa 638. Nimepima fremu, nimepata kadhaa kati ya kava. Nakereza 480 kati ya mabega na 17 kwenye ncha, urefu 640. Kama mwisho wa shafti una kizuizi, nijulishe kabla sijakabidhi.” Weka kipimo chako cha kweli mahali pa “kadhaa”. Ukipewa jibu kwa simu, omba liandikwe. Kisha kwenye nakala ya mchoro itakayobaki chamani, kata 638 kwa mstari mmoja unaosomeka, andika (640) ndani ya mabano, weka tarehe, na mwombe aliyechora atie sahihi kando yake. Shafti ya tatu ikihitajika, atakayeikereza asilazimike kuuliza tena.